Rafiki anapiga simu kumwaga shida zake tu, hata siku moja haulizi zangu. Nifanyeje?

#1 CherehaniNakuru
Habari za jioni wadau. Nianze na kauli yangu kisha mnipinge: rafiki anayekupigia kukumwagia shida zake tu, asiulize hata mara moja wewe unaendeleaje, amekugeuza kaunta ya malalamiko.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Rafiki yangu, nitamwita A., yuko Kisumu. Tumejuana tangu kidato cha kwanza na nilimsimamia harusini. Hupiga jioni, saa ninapofunga duka. Anasema "Uko?" na kabla sijamaliza kusema niko, ameshaanza: mwenye nyumba, mama mkwe, mume anayefanya kazi mbali na hashiki simu, mteja aliyechukua mali kwa deni. Nasikiliza hadi mwisho. Akimaliza anasema wacha nipike, tutaongea.

Mwaka huu mama yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Nilimwandikia A. siku hiyo hiyo. Akajibu "Woi, pole sana, nikipata nafasi nitakupigia." Kesho yake jioni akapiga kweli. Ilikuwa habari ya mwenye nyumba. Mama hakutajwa.

Tangu hapo kuna kitu kimeharibika ndani yangu. Nikiona jina lake kwenye simu mabega yanakaza. Nageuza simu kifudifudi mezani iite mpaka inyamaze, halafu usiku mzima nina hatia. Na juzi nilisikia kwa mtu mwingine kwamba amefungua duka la pili. La pili! Mimi ninayejua kila neno ambalo mama mkwe wake amewahi kutamka, hilo sikuambiwa. Niliumia kuliko hata ile ya mama.

Swali langu ni je, ni ubinafsi, au mimi nadai kisichonistahili? Na nitafanyaje bila kuvunja urafiki wa miaka yote hii?

#2 DerevaWaKondele
Pole kwa mama. Dawa ni moja, mblock. Nilikuwa na jamaa wa hivyo, kila nikipaki stendi ananipigia kuhusu mke wake. Nilimfungia na dunia haikuisha.

#3 MamaWawili_Kimilili
Mulembe nyote. Dereva, wewe unafungia watu kama milango ya matatu. Huyo dada anasema hataki kuvunja urafiki.

Cherehani, mimi namtetea A. kidogo. Mdogo wangu alipoachwa na mume alikuwa hivyo hivyo. Ungemwambia nyumba yako inaungua, angekwambia "pole" kisha arudi kwa yule mwanamume. Haikuwa dharau. Mtu akibanwa sana hawezi kuinua kichwa aone mwenzake. Alipopata kazi na kutulia, alianza kuuliza watoto wangu wanasomaje, bila mtu kumfundisha.

#4 Kijana_Kaptembwo
Usimpe hata shilingi. Hao wa kulia kila siku wanakutayarisha, siku moja atasema nitumie elfu tano nitarudisha mwisho wa mwezi.

#5 CherehaniNakuru
@Kijana, hajawahi kuniomba pesa. Hata siku moja. Wala sijasema anakopa, soma tena.

@MamaWawili, ningekubali kama ingekuwa msimu mmoja wa taabu. Lakini mtu aliyebanwa hafungui duka la pili. Ana siku nzuri pia. Hizo siku nzuri hanipigii.

#6 MwalimuMstaafu_Bungoma
Binti yangu, nakuuliza mambo mawili na usinikasirikie. Kwanza, wewe humpigia lini? Pili, yeye au mtu mwingine akikuuliza "habari yako", hujibu nini?

Nauliza kwa sababu nimefundisha wasichana bwenini kwa muda mrefu. Kila chumba kina mmoja anayelia na mmoja anayefuta machozi. Ukiwatazama miaka ishirini baadaye bado wamekaa vile vile, na anayefuta machozi ana uchungu ambao yule mwingine haujui kabisa. Wewe ulikuwa nani?

#7 CherehaniNakuru
Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa kiongozi wa bweni, yeye alikuwa mgeni asiyejua hata kutandika kitanda cha shule. Kwa hiyo ndiyo, ni mimi niliyefuta.

Mimi simpigii sana, kwa sababu yeye hunitangulia. Na nikiulizwa habari nasema "tuko tu, tunashukuru". Nyumbani kwetu mtu hamwagi mambo yake hovyo. Lakini mtu aliyekua nami anahitaji nimwage ndipo ajue? Si nilimwandikia kwamba mama amelazwa?

#8 Kijana_Kaptembwo
Kwa hiyo ni kosa la fundi sasa? Mwalimu ameanza kutoa adhabu kwa aliyechapwa.

#9 MwalimuMstaafu_Bungoma
Sijasema kosa ni la nani. Nimesema kuna mazoea, na mazoea hujengwa na wawili.

#10 MshauriKisumu
Nimefuatilia kimya. Ni mshauri nasaha hapa Kisumu, na malalamiko haya nayasikia mara nyingi, zaidi kutoka kwa anayesikiliza kuliko anayemwaga. Anayemwaga kwa kawaida anaamini urafiki uko sawa kabisa.

Cherehani, kabla hatujampa mtu jina la mbinafsi, tuandikie simu moja ya hivi karibuni jinsi ilivyokwenda. Usiipambe. Nani alisema nini, na wewe ukajibu nini. Ugonjwa wa mazungumzo huonekana kwenye majibu.

#11 CherehaniNakuru
Sawa. Hii ni ya wiki iliyopita, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikasirika.

Yeye: Uko?
Mimi: Niko.
Yeye: Wacha nikwambie, huyu mwenye nyumba ameanza tena. Amekuja na fundi, anataka kuvunja ukuta wa jikoni na mimi nimelipa hadi mwisho wa mwezi.
Mimi: Haki? Na ukamwambiaje?
(Hapo aliongea sana, akatoka kwa mwenye nyumba akaingia kwa mama mkwe.)
Mimi: Eeh. Pole. Na baba watoto anasemaje?
Yeye: Huyo hata simu hashiki.
Mimi: Aki pole. Hata huku si rahisi, mama bado hajaweza kukanyaga vizuri.
Yeye: Woi, mama. Hata mama mkwe ana magoti, na ni mimi anataka nimpeleke kliniki kila mara. Nani atafungua duka?
Mimi: Ni kweli.
Yeye: Sasa wacha nipike, tutaongea.

#12 DerevaWaKondele
Nimesoma nikahisi joto. Mblock.

#13 MshauriKisumu
Asante, umeandika vizuri. Tazameni mahali mama anapotajwa.

Mtu akikuambia jambo lake, una njia mbili. Unaweza kulishika jambo hilo likiwa bado lake, kwa mfano "Hajakanyaga tangu lini? Daktari anasemaje?" Au unaweza kulichukua ukaligeuza lako: "Hata mama mkwe ana magoti." Kuna mtaalamu wa jamii wa Marekani, Charles Derber, aliyechambua mazungumzo ya kawaida kwa namna hii tangu miaka ya sabini. Alichoonyesha ni kwamba kugeuza huku mara nyingi hakuna nia mbaya. Kunapita haraka sana, ndani ya sentensi moja, na aliyegeuza hahisi kwamba amechukua kitu.

A. aligeuza, hilo liko wazi. Sasa tazameni upande wa pili. Cherehani aliuliza maswali mawili, "ukamwambiaje" na "baba watoto anasemaje". Yote mawili yalimfungulia A. mlango wa kuendelea. Jambo la mama lilipewa sentensi moja, mwishoni, na lilianza na "hata huku si rahisi", yaani lilipandishwa mgongoni mwa shida ya A. Likasikika kama kuitikia. Lilipogeuzwa, Cherehani akasema "ni kweli" na kuliacha liende.

Dada, sisemi wewe ndiye mwenye hatia. Nasema kutokana na simu hii peke yake hatuwezi kujua kama A. hajali au kama hajawahi kupewa jambo lako waziwazi akalikataa. Hayo mawili yanaumiza sawasawa, lakini hayatibiwi kwa njia moja.

#14 BintiWaDunga
Mshauri, hapo kwa "hata mimi" sikubaliani nawe, na niko Kisumu hapa hapa. Kwetu mtu akikuambia ana msiba, unamwambia wa kwako. Nenda matangani usikie: "Hata mimi nilizika mwaka juzi, nilikuwa hivi na hivi." Hiyo ndiyo faraja yenyewe. Unamwonyesha kwamba hayuko peke yake. Mtu anayeuliza maswali mengi, amelazwa lini, daktari gani, alianguka vipi, huyo tunamwona mpelelezi. Huenda A. aliposema magoti ya mama mkwe alidhani amemfariji.

#15 MshauriKisumu
BintiWaDunga, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Tofauti ninayoitafuta mimi ni hii: mfariji wa matangani akishamaliza ya kwake anarudi kwako. "Nami nilipona, nawe utapona." Katika simu hii A. hakurudi. Lakini nakubali kwamba nyumba nyingi huku zinafariji kwa kusimulia, na mtu aliyelelewa hivyo haulizi.

#16 MsomajiSana
Kuna utafiti umethibitisha kwamba kumsikiliza rafiki anayelalamika kunakupa wewe huzuni. Mtafiti anaitwa Amanda Rose. Kwa hiyo fundi anaugua kwa sababu ya A., na dawa ni kupunguza muda wa kusikiliza. Sayansi imeshasema.

#17 MshauriKisumu
MsomajiSana, jina ni sahihi lakini umekwenda mbali. Utafiti wa Rose wa 2002 ulihusu watoto wa shule na vijana, tena wa Marekani. Aliangalia marafiki wawili wanaorudia rudia shida pamoja, kuzichambua na kuzikisia mwisho wake mbaya. Aliona mambo mawili kwa pamoja: marafiki hao wako karibu zaidi, na pia wana dalili zaidi za wasiwasi na huzuni. Wanasukumana wote wawili. Hapa kwetu mmoja anasema na mwingine ananyamaza. Hata ule ukaribu waliopata wale watoto Cherehani haupati.

Kitu kimoja tunaweza kukichukua. Shida ikisimuliwa kila jioni bila hatua yoyote kufuata, haipungui. Mwenye nyumba wa A. amekuwa akisimuliwa muda gani sasa?

#18 CherehaniNakuru
Tangu kabla mama hajaanguka. Ni ukuta ule ule.

#19 MwekaHazina_Kakamega
Nyote mnazunguka. Niwaambie kitu ambacho mshauri hataki kusema, au hajakipata kwa sababu watu hawamwambii.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama na nimekaa kwenye kamati nyingi za michango ya hospitali. Watu hawaulizi "mgonjwa anaendeleaje" kwa sababu swali hilo lina bei. Ukiuliza, utaambiwa bili imefika wapi, SHA imelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Ukishajua, utatoa. Asiye na kitu, au anayeona aibu kutoa mia mbili kwa rafiki aliyemsimamia harusi, anakwepa swali lenyewe. Anaongea haraka, anajaza simu na ya kwake ili ukimya usiingie. Nimeona ndugu wa damu wakifanya hivyo.

Cherehani, mlifungua kundi la WhatsApp la matibabu ya mama? A. alikuwemo?

#20 CherehaniNakuru
Tulifungua. Binamu yangu alimweka A. Aliona, hakuandika kitu, na hakutuma kitu. Sikumuuliza, na wala sikutaka pesa yake. Nilidhani hajali.

#21 Kijana_Kaptembwo
Aaah, sasa mnaona nilikuwa karibu! Nilisema pesa!

#22 MwekaHazina_Kakamega
Kijana, ulisema anataka kuomba. Mimi nasema anaogopa kuombwa. Umepiga goli upande usio wako.

#23 MamaWawili_Kimilili
Lakini Hazina, mtu wa duka la pili anakosa mia mbili?

#24 MwekaHazina_Kakamega
Mwenye duka jipya ndiye hana kabisa! Pesa yote iko kwenye rafu, na mkopo umeanza kukatwa. Tena anajua watu wakisikia ana maduka mawili watatarajia atoe kubwa. Ndiyo maana huenda alificha duka. Nadhani tu, mimi simjui.

#25 BintiWaDunga
Au alilificha kwa sababu ya mama mkwe. Huku ukitangaza biashara mpya, kesho unapewa watoto wa kusomesha.

#26 MwalimuMstaafu_Bungoma
Au hakuficha. Labda kwake Cherehani ni mtu wa kuambiwa mabaya, na mazuri yana watu wake wengine. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi katika uzi huu, maana halina ubaya ndani yake na bado linaua urafiki.

#27 CherehaniNakuru
Mwalimu, hapo umenigusa mahali penyewe. Nilipokuwa naandika kuhusu duka nilishindwa kueleza kwa nini liliniuma kuliko la mama. Ni hilo.

Sasa niambieni la kufanya. Atapiga tu, leo au kesho.

#28 DerevaWaKondele
Nilishasema langu. Lakini kama hutaki kufungia, basi usishike akipiga. Wewe piga, saa unayotaka wewe. Mimi abiria msumbufu namkalisha mbele ninapomwona.

#29 MshauriKisumu
Dereva ana nusu ya jibu. Saa mnayoongea sasa ameichagua yeye, na ni saa ambayo wewe umechoka. Mpigie wewe, labda asubuhi kabla wateja hawajaanza.

Jambo lako liweke mwanzoni, kabla ya lake. Ukilileta mwishoni litapandishwa mgongoni tena. Liwe moja, lenye siku na jina. "Mambo si rahisi" haina mahali pa kushika, ila kliniki ya mama ina siku. Na mwambie unachotaka kutoka kwake. Kwa mfano: "A., leo nimepiga kwa sababu nina jambo langu. Nisikilize kwanza, halafu nitasikiliza la kwako. Mama anarudi kliniki Alhamisi wapige picha ya nyonga waone kama mfupa umeshika, na nina hofu." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wanashindwa: ukimya ukikaa kidogo wanaingiwa na haya, wanauliza "na wewe je?" Wameurudisha mlango wenyewe.

Akigeuza, mrudishe mara moja kwa upole: "Nitakuja kwa hilo, wacha nimalize la mama." Mara moja tu, msianze vita. Na kama Hazina amekisia sawa, mwondolee mzigo wazi: "Sihitaji mchango, bili tumemaliza." Halafu ukifika wakati wa kumsikiliza, mwambie mapema una dakika ngapi, na zikiisha ukate kweli.

Usimhukumu kwa atakachosema palepale. Umemshtukiza, atajikwaa. Tazama baada ya Alhamisi kama atakumbuka mwenyewe.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uzito. Kama katika kumwaga kwake utasikia maneno kama "heri nisingekuwepo" au "watoto watakuwa sawa bila mimi", hesabu za nani anauliza nani ziweke kando. Muulize waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na umhusishe mtu aliye karibu naye Kisumu.

#30 MsomajiSana
Lakini si mtu akikiri alijaribu anashtakiwa? Ni kosa la jinai Kenya. Ndiyo maana watu hawasemi.

#31 MshauriKisumu
Lilikuwa, chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Woga umebaki, hilo ni kweli.

#32 CherehaniNakuru
Sijasikia maneno ya hivyo kwake. Nitayasikiliza kwa makini sasa. Asanteni, nitarudi.

#33 Kijana_Kaptembwo
Tunangoja. Dereva usilale.

#34 CherehaniNakuru
Nimerudi. Nitaeleza yote, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi.

Nilimpigia asubuhi. Alishtuka, akauliza "Kuna nini?" kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Hilo lenyewe lilinifundisha kitu. Nikasema nina jambo langu, nisikilize kwanza. Nikasema la kliniki, picha ya nyonga, na kwamba usiku silali nikifikiria mama atarudi mezani kwa upasuaji. Kisha nikanyamaza. Ulikuwa ukimya mgumu, nusura niuvunje.

Akasema, "Kwani hajaanza kutembea?" Swali! Nikamweleza fremu ya kutembelea, jinsi mama anavyoichukia. Akacheka kidogo. Halafu akasema "hata huyu mama mkwe wangu akipewa fimbo", na nikasema nitakuja kwa hilo, wacha nimalize. Sauti ikabadilika. "Basi sema." Aliudhika, nilisikia. Nikasema bili tumemaliza na sihitaji mchango. Hapo alinyamaza kabisa, kisha akasema, "Niliona lile kundi." Hakuongeza. Sikumsukuma.

Kisha nilimsikiliza. Mwenye nyumba, ukuta. Nikamwambia mteja ameingia, nikakata.

Alhamisi ikapita, hakupiga. Mama alipigwa picha, mfupa unashika vizuri, namshukuru Mungu. Ijumaa jioni, saa ile ile ya zamani, A. akapiga. "Uko?" Akaanza na mwenye nyumba. Nilikuwa karibu kukata. Akaenda, akaenda, mpaka mwisho, na alipokuwa anasema wacha nipike akasimama. "Na mama, walimwambia nini?"

Nilimweleza. Nilifurahi. Lakini nilipokata simu nikajikuta na hasira zaidi kuliko kabla sijaanza haya yote. Hilo silielewi.

#35 MamaWawili_Kimilili
Aliuliza! Fundi, huyo amekumbuka. Kwa mtu ambaye hajawahi, hilo ni kubwa. Na "niliona lile kundi" ni aibu inayoongea. Hazina alikuwa sahihi.

#36 DerevaWaKondele
Aliuliza mwishoni, akiwa mlangoni. Kliniki ilikuwa Alhamisi na alijua. Mimi mtu wangu akienda hospitali nampigia siku hiyo hiyo, hata kama niko Ahero na gari limejaa.

#37 BintiWaDunga
Dereva, usipige simu ukiendesha.

#38 DerevaWaKondele
Utingo anashika simu, binti. Usinipeleke kortini.

#39 MwekaHazina_Kakamega
Mimi sidai ushindi. Aliposema aliona kundi inaweza kuwa aibu, inaweza pia kuwa anajibu tu. Ningejua zaidi kama angesema la duka.

#40 MwalimuMstaafu_Bungoma
Kuhusu hiyo hasira, binti yangu. Miaka yote ulijiambia A. hawezi kuuliza, ndivyo alivyoumbwa. Sasa umeona anaweza. Kwa hiyo siku zile mama alipokuwa amelazwa, angeweza pia. Nadhani hasira ni ya siku zile, imefika sasa.

#41 MshauriKisumu
Mwalimu, mimi ningeliweka tofauti kidogo. Inaudhi pia kuhitaji kuomba kitu ambacho ulitarajia upewe bila kuomba. Swali lililoombwa lina ladha nyingine, hata likija na moyo safi. Wengine ladha hiyo huisha baada ya muda, wengine haiishi na wanauacha urafiki upoe. Sijui wewe utakuwa yupi.

Nisingemweleza A. hesabu yote ya miaka kwenye simu. Kama utamweleza, iwe ana kwa ana, na iwe jambo moja: ile siku ya upasuaji, au duka. Yote mawili pamoja yatakuwa mashtaka.

#42 CherehaniNakuru
Nitamwambia la duka. La mama nimeanza kulimeza, la duka bado limekwama. Desemba atapitia Nakuru akienda kwa dada yake Naivasha. Kati ya nyinyi wawili, mwalimu na mshauri, sijaamua nani amenisoma vizuri. Labda wote.

Kwa sasa sigeuzi simu kifudifudi tena. Naiona, naamua, ninashika au sishiki.

#43 Kijana_Kaptembwo
Desemba uje utuambie kama amekiri duka. Na kama ni la nguo akupe kazi ya kushona.

#44 MtuWaMigori
Samahani wadau, nimesoma yote leo. Mimi anayenifanyia hivi ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja, na kwetu mkubwa hakatizwi akisema. Hiyo ya "wacha nimalize la mama" nitaisemaje kwake?

#45 MshauriKisumu
Karibu. Hilo lina mizizi mingine kabisa. Fungua uzi wake, ueleze nani mwingine nyumbani anaweza kumkatiza kaka huyo bila yeye kukasirika. Tuanzie kwa huyo.